TAARIFA KWA WATEJA WETU WOTE KUHUSU KUVUJA KWA TAARIFA ZA ODA

Mwanga, Kigoma
Jumatatu, 16 Juni 2025

Ndugu Mteja,

Tunakuandikia kukujulisha kwamba orodha ya oda za duka letu la mtandaoni ilikuwa wazi kwa watu wasiohusika kwa muda wa siku 19, kuanzia Jumamosi tarehe 24 Mei hadi Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, na kwamba tayari kuna matapeli wanaoitumia. Ikiwa uliagiza dagaa, migebuka, mawese au vitenge kutoka kwetu wakati wowote tangu tarehe 1 Novemba 2024, jina lako limo katika orodha hiyo. Wateja waliomo ni 1,846.

Kosa ni letu. Hakuna mtu aliyevunja mfumo wala kuiba nywila. Oda zetu tulikuwa tukiziandika kwenye jedwali moja la mtandaoni, na tarehe 24 Mei, mizigo ilipokuwa mingi, mmoja wetu alimtumia kijana wa kupeleka mizigo stendi kiungo cha jedwali zima badala ya kumwandikia oda za siku ile tu. Kiungo hicho kilikuwa kimewekwa katika hali ya kumruhusu yeyote anayekipata afungue na kusoma bila kuombwa nywila. Kijana naye, kwa nia njema ya kutafuta msaada wa kubeba, alikituma kwenye kundi la WhatsApp la wasafirishaji lenye watu zaidi ya 200, na kutoka hapo hatuwezi kujua kilifika wapi, kwa sababu jedwali la namna hiyo haliweki kumbukumbu ya majina ya watu wanaolifungua kwa kiungo kitupu. Tunaomba asilaumiwe yeye; aliyepaswa kulifunga jedwali ni sisi.

Tulilijua jambo hili kupitia mteja wetu mmoja wa Dodoma. Asubuhi ya tarehe 12 Juni alitupigia kuuliza kwa nini tumebadilisha namba ya simu, kwani kuna mtu alimpigia, akamwita kwa jina, akamtajia kilo 5 za dagaa na lita 2 za mawese alizoagiza, kisha akamwambia mzigo umezuiwa stendi na unahitaji shilingi 18,000 za kuukomboa. Alichotajiwa kilikuwa sahihi hadi mtaa anaoishi. Kilichomwokoa ni kwamba mzigo wenyewe alikuwa ameshaupokea na dagaa walikuwa tayari jikoni. Wateja wengine watatu hawakuwa na bahati hiyo na walituma jumla ya shilingi 96,000. Fedha hizo tumewarudishia sisi kutoka mfuko wa duka, kwa kuwa tapeli asingewapata bila uzembe wetu.

Yaliyovuja ni jina lako, namba yako ya simu, mahali unapopokelea mzigo, bidhaa ulizoagiza na kiasi ulicholipa. Kwa wateja 212, jedwali lilikuwa pia na picha za ujumbe wa malipo ya simu, zinazoonyesha jina lililosajiliwa kwenye laini na namba ya muamala. Kundi linalotuumiza zaidi ni la wateja 41 wa jumla waliochukua vitenge kwa mkopo, ambao tuliwaomba picha ya kitambulisho cha Taifa. Picha hizo zilikuwa ndani ya jedwali hilohilo, nyingine za mikopo iliyomalizika kulipwa miezi mingi iliyopita, na kwa kweli hatukuwa na sababu yoyote ya kuendelea kuzitunza. Wote 41 tumeshawapigia simu mmoja mmoja. Namba ya siri ya simu yako haikuvuja, kwani hatujawahi kuiomba. Taarifa za kadi za benki hatuzipokei kabisa, na nywila za akaunti za wateja zinahifadhiwa mahali pengine ambapo hapakuguswa.

Jedwali tulilifunga ndani ya saa moja baada ya simu ya Dodoma, na picha zote za vitambulisho na za malipo tumezifuta. Tumetoa taarifa kituo cha polisi na kupewa RB, na tumeiandikia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavyomtaka kila anayekusanya taarifa za watu. Katika barua hiyo tumekiri pia kwamba duka letu lilikuwa halijasajiliwa na Tume, jambo ambalo sheria inalitaka, na maombi ya usajili tumeyaanza. Kuanzia sasa msafirishaji anapewa oda za siku yake tu, zikiwa na jina la kwanza na tarakimu tatu za mwisho za simu. Akaunti zote za duka zimewekewa uthibitishaji wa hatua mbili. Na hatutaomba tena picha ya kitambulisho cha mtu. Siku nne zilizopita kati ya kugundua na kukuandikia zilitumika kuhesabu nani yumo na nini kimevuja. Pengine tungekutumia ujumbe mfupi wa tahadhari siku ileile, na tunakubali kwamba hilo lilikuwa kosa la pili.

Sasa tunakuomba uzingatie haya. Mtu kujua oda yako si ushahidi kwamba ametumwa na sisi, kwa kuwa anayo orodha. Zamani tapeli alirusha ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" kwa watu asiowajua, akingoja atakayenasa. Huyu wa sasa anaweza kukutajia rangi ya kitenge ulichonunua. Hatutakupigia kukuomba nyongeza ya nauli, ada ya kukomboa mzigo, namba ya siri, wala tarakimu za uthibitisho zilizoingia kwenye simu yako, na hatutakutumia kiungo cha "kuhakiki akaunti". Ukipigiwa, kata simu, kisha utupigie wewe mwenyewe kwa namba iliyochapwa kwenye risiti ya mzigo wako wa awali. Kwa makusudi hatukuandika namba yetu katika taarifa hii, maana si vigumu kwa tapeli kuinakili, kubadilisha namba na kuisambaza kama yetu.

Namba ya tapeli itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA kwa kazi hiyo. Ikiwa umeshatuma fedha, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako mara moja uombe muamala uzuiwe, kwa sababu fedha ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kurudi. Halafu tujulishe sisi. Wateja 41 wa vitambulisho, na yeyote mwenye wasiwasi, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, na ukikuta usiyoitambua nenda kwenye ofisi ya mtandao husika ukaifute.

Ukitaka tufute kila tulichonacho kukuhusu, tuambie, nasi tutafanya hivyo ndani ya siku saba na kukuthibitishia. Oda ambayo bado iko njiani itakufikia kwanza. Madai ya waliotapeliwa kupitia oda zetu tutayapokea hadi tarehe 31 Julai 2025, kwa simu au dukani Mwanga, na kinachohitajika ni ujumbe wa muamala pekee. Tunakuomba radhi.

Mmiliki na wafanyakazi wa duka
Mwanga, Kigoma