Salamu na Utambulisho kwa Viongozi wa Kijiji na Wanakaya kabla ya Mahojiano, Wilaya ya Kilolo, Iringa

Ofisi ya kijiji, saa mbili asubuhi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, Afisa Mtendaji, wenyeviti wa vitongoji na wajumbe wa halmashauri ya kijiji, shikamooni. Kamwene. Poleni na baridi ya asubuhi, na asanteni kwa kuahirisha kazi za shamba ili kunisikiliza.

Jina langu mmelisoma kwenye kitambulisho. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na nimekuja kujifunza jambo ambalo ninyi mnalifahamu kuliko mimi: nyanya zinavyoharibika tangu zinapochumwa hadi zinapomfikia mnunuzi, na hasara hiyo inavyomwangukia mkulima. Barua ya chuo ilipita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikaja wilayani, ikafika kwa Mtendaji wa Kata, na nakala yake ninaikabidhi mbele yenu ili ibaki kwenye jalada la kijiji, maana mgeni akiulizwa na mwananchi ni vema ofisi iwe na jibu.

Ninaomba kutembelea kaya 40, ambazo zitapatikana kwa kura kutoka kwenye daftari la wakazi, hapa hapa mezani, nanyi mkishuhudia. Nasisitiza kura kwa sababu sitaki aonekane mtu amependelewa au ameachwa kwa kinyongo. Ninaomba pia mwenyekiti wa kitongoji anifikishe mlangoni na kunitambulisha, kisha, kwa heshima zote, atuache tuzungumze wenyewe, kwa kuwa mtu huona vigumu kueleza madeni na mapato yake mbele ya kiongozi wake.

Wazee wangu, kuna jambo linanikaa moyoni. Nimeambiwa kwamba watafiti wamewahi kufika hapa, wakauliza, wakapiga picha, wakaondoka, na hakuna aliyerudi kusema alichokigundua. Malalamiko hayo ni ya haki, nami siwezi kuyapuuza. Ninaahidi kwamba matokeo nitayaleta kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili, na nakala moja itabaki ofisini humu. Kwa upande mwingine, sikuja na mbegu, mikopo wala mradi, na ninawaomba msiwaambie wananchi kwamba mgeni analeta msaada, kwa sababu matumaini ya uongo yataharibu majibu na yatawaumiza watu.

Nyumbani kwa mwanakaya

Hodi wenyewe. Hodi tena. Asanteni, tumekaribia.

Shikamoo bibi, shikamoo baba, shikamoo mama. Na wewe mdogo wangu, hujambo? Habari za hapa nyumbani, na poleni na kazi. Bibi, tafadhali endelea kupukuchua mahindi yako. Ukiniruhusu nitakaa kwenye kigoda hiki karibu nawe, maana nawe ningependa unisikie.

Mwenyekiti ameshanitambulisha, nami namshukuru anapotuaga. Kaya yenu imetoka kwenye kura iliyopigwa ofisini jana, wala si kwa sababu mtu yeyote amewasema. Ninaomba kuzungumza na yule anayejua zaidi habari za uchumaji na uuzaji. Baba akiona mama ndiye anayepanga nyanya kwenye matenga na kukaa na hesabu, basi tuzungumze na mama, au wote wawili pamoja, mtakavyoamua.

Mazungumzo yatachukua kama dakika 45. Kwa mfano, lile tenga tupu lililoegemezwa ukutani: nitauliza linabeba ndoo ngapi likijazwa kawaida, na ngapi mnunuzi anapotaka lijazwe kupita ukingo na kufungwa kwa majani na kamba, ilhali bei inabaki ile ile. Nitauliza pia nyanya zilizopondeka huenda wapi: huliwa, huuzwa rahisi au hutupwa.

Majibu nitayaandika kwenye kishikwambi hiki kwa namba, bila jina lenu, na hayatapelekwa kwa mtoza ushuru, kwa mnunuzi wala kwa jirani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inanibana kuhusu hilo, lakini hata isingekuwepo, ningeona aibu kuyatoa nje mambo ya nyumba iliyonikaribisha. Swali lisilowapendeza liacheni. Mkitaka tusimame katikati, tutasimama, na hakuna atakayewauliza sababu. Mkikataa kabisa nitaaga kwa amani, na kwa kijiji hamtakuwa na kosa.

Ninawapa nafasi mshauriane kwa Kihehe kama ndivyo mnavyojisikia huru. Mimi nitasubiri pale chini ya mti wa parachichi. Mkiwa tayari niiteni, na kabla sijaandika lolote nitamuuliza kila mmoja wenu, bibi akiwemo: je, umeridhia tuzungumze?