Muhtasari wa tahadhari ya TMA: mvua kubwa na mawimbi

Ndugu wavuvi na wakulima, kiwango kilichotolewa ni TAHADHARI (rangi ya chungwa), si angalizo tena.

Mvua kubwa: Pwani pamoja na Mafia, Lindi na Mtwara, kuanzia leo Jumanne saa 3 usiku hadi Alhamisi saa 3 usiku.

Upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2: mikoa hiyohiyo, Jumatano saa 12 asubuhi hadi saa 3 usiku. Tanga, Unguja na Pemba hazimo.

Wenye ngalawa na mitumbwi, kesho msitoke hata alfajiri bahari ikitulia. Vuteni vyombo hadi juu ya maji ya bamvua. Wakulima wa mpunga bonde la Rufiji, tafadhali ondokeni madunguni kabla ya magharibi, na watoto watangulie.