Maoni juu ya rasimu ya "Mnazi Msiukate"

Pangani, Jumapili jioni

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Nimelisoma shairi lako mara tatu: kwanza kwa macho, kisha kwa sauti, na mwisho kwa vidole, nikihesabu mizani moja moja kwa kalamu ya risasi. Umechagua jambo linalotuuma sote. Minazi ya upande wa ufukweni inaanguka kila wiki, na wewe umesema kabla ya wazee hatujasema. Kwa hiyo nitalikagua kwa ukali unaolistahili, maana utalisoma mbele ya kikao cha kijiji na watu wanaoujua ushairi watakuwapo.

Umbo ulilolichagua ni tarbia: mishororo minne kila ubeti, mizani 16 kila mshororo, nane za ukwapi na nane za utao, vina vya kati na vya mwisho, na kibwagizo kinachorudi. Vina vyako vinabadilika ubeti hadi ubeti. Hiyo ni ukaraguni, na ni halali kabisa. Usisumbuke kuvilazimisha vifanane shairi zima.

Jambo kubwa ni hili. Ulinieleza kwamba ulilitunga ukiliimba. Vizuri, Kaluta Amri Abedi, aliyeziandika sheria za utunzi mwaka 1954, alishikilia kwamba shairi ni wimbo. Lakini sauti ya kuimba ina ukarimu wa hatari. Mizani ikipungua, inavuta silabi. Ikizidi, inameza. Makosa yako mengi yamepita hapo, na pembeni ya kila mshororo umeandika 16 kwa sababu sikio lilikuambia 16. Twende ubeti kwa ubeti.

*Naanza kusema kwetu, mnazi u taabani,*
*Ulilisha watu wetu, tangu enzi za zamani,*
*Leo mashoka ya watu, yameuweka hatarini,*
*Mnazi msiukate, ni mlezi wa pwani.*

Mishororo miwili ya mwanzo imesimama. Hesabu nami utao wa kwanza: m-na-zi-u-ta-a-ba-ni, nane. Ile "m" ya mnazi inasimama peke yake, lakini "mb" ya "kamba" inatamkwa pamoja na irabu yake: ka-mba, mbili tu. Hilo umelishika vizuri kila mahali.

Mshororo wa tatu umezidi: ya-me-u-we-ka-ha-ta-ri-ni, tisa. Ukiimba unaipitisha "meu" kama silabi moja, ndiyo maana hukuisikia. Andika "yautia hatarini", utapata nane na maana haipotei.

Sasa kibwagizo, na hapa ndipo naomba ukae kitako. Ukwapi wake ni mzuri: m-na-zi-m-si-u-ka-te, nane, na una amri ndani yake. Utao je? Ni-m-le-zi-wa-pwa-ni. Saba. Ukiimba unaivuta "pwaa-ni" na pengo linafichika. Kosa hili lingekuwa la mshororo mmoja, ningelisema kwa neno moja. Lakini kibwagizo kinarudi mara tano, na ndicho watu watakachokiitikia pamoja nawe. Wakiitikia watu hamsini, kila mmoja atavuta mahali pake: huyu "mlee-zi", yule "pwaa-ni", na itikio litapasuka. Napendekeza "ni mlezi wetu pwani": ni-m-le-zi-we-tu-pwa-ni, nane. Tena "wetu" inamweka msikilizaji ndani ya jambo. Kibwagizo kuwa na vina vyake, te na ni, visivyofuata ubeti, hakuna ubaya.

*Makuti tuliezeka, nyumba ikawa kamili,*
*Makumbi tukayasuka, kamba ngumu za asili,*
*Na tui tukalipika, mchuzi ukawa nzuri,*
*Mnazi msiukate, ni mlezi wa pwani.*

Huu ndio ubeti ninaoupenda kuliko yote. Makuti, makumbi, tui: paa, kamba na chungu, mti mmoja. Nilipousoma niliisikia harufu ya jikoni kwa bibi yako. Ndiyo sababu mshororo wa tatu umeniuma. Kina ni "li", wewe umeleta "ri". Zinakaribiana ulimini, lakini si kina kimoja. Na ili upate nane umeandika "mchuzi nzuri", wakati unajua mchuzi ni mzuri, m-zu-ri, ambayo ingekupa tisa. Hapo lugha imevunjwa ili kipimo kitoshe, na kina hakikupatikana hata hivyo. Mshairi ana ruhusa zake: inkisari akitaka kufupisha neno, mazda akitaka kulirefusha, tabdila akitaka kubadili sauti. Kuharibu upatanisho wa ngeli si mojawapo. Jaribu "mchuzi wetu wa wali": m-chu-zi-we-tu-wa-wa-li. Kina kipo, nane zipo, na mchuzi umepata wali wake.

*Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji,*
*Mnazi ukitunzwa, hutulisha wahitaji,*
*Sasa viwanja vyauzwa, kwa wageni na wenyeji,*
*Mnazi msiukate, ni mlezi wa pwani.*

Umegundua jambo ambalo wengi hawalioni: methali hiyo ni mshororo kamili, nane kwa nane, bila kuongeza wala kupunguza. Wahenga walikuwa na masikio. Lakini nina wasiwasi nayo hapa. Methali inasema sifa humharibu mtu, na ubeti wako unasema matunzo huleta faida. Hizo ni njia mbili zinazopishana. Inaonekana umeiweka kwa sababu inatosha, na kwa sababu mgema ni mtu wa mnazi. Ningependa utafute mshororo wako mwenyewe wa mgema, unaoishia "wa" na "ji". Yapo maneno: ulaji, mtaji, mji. "Mtaji" lingenifurahisha, maana mnazi ndio mtaji wa mgema.

Mshororo wa pili una saba katika ukwapi: m-na-zi-u-ki-tu-nzwa. Na kina chake ni "nzwa", si "wa". Kina hutazamwa kwa silabi nzima, si kwa irabu ya mwisho. Mshororo wa tatu una nane kamili, sa-sa-vi-wa-nja-vya-u-zwa, lakini kina kimekuwa "zwa". Macho yaliona "wa" mwishoni yakaridhika. Mimi ningeandika hivi:

*Mnazi ukijaliwa, hutulisha wahitaji,*
*Viwanja vyanunuliwa, na wageni na wenyeji,*

"Ukijaliwa" ina maana mbili, ya kutunzwa na ya kupewa heri na Mola, na zote mbili zinaingia. Na umefanya vyema kuwataja wenyeji pia. Ungewataja wageni peke yao, kikao kingekupigia makofi, lakini usingekuwa umesema kweli.

*Mti huu si wa mtu, mmoja ni wa ukoo,*
*Kivuli chake ni chetu, mchana ni kimbilio,*
*Labda wajukuu wetu, watausoma kwa chuo,*
*Mnazi msiukate, ni mlezi wa pwani.*

Mshororo wa kwanza ni mtego wa aina yake. Ukwapi nane, utao nane, vina sawa. Anayehesabu tu angeupitisha. Lakini usome ukipumua penye mkato: "Mti huu si wa mtu", kimya, "mmoja ni wa ukoo". Umemkata mtu na mmoja wake. Msikilizaji atasikia kwamba mti si wa mtu yeyote, kisha kwamba mti mmoja ni wa ukoo, na mingine je? Mkato wa kati ni mahali pa pumzi, kwa hiyo kila kipande kiwe na maana inayojitosheleza. Sema: "Huu si mti wa mtu, ni amana ya ukoo". Hu-u-si-m-ti-wa-m-tu, ni-a-ma-na-ya-u-ko-o. "Amana" nimeichagua kwa makusudi: amana haiuzwi.

Vina vya "o" ni sahihi: u-ko-o, ki-mbi-li-o, chu-o, kila kimoja kinaishia irabu inayosimama peke yake. Na nimefurahi kuona "chuo" kwa maana ya zamani ya kitabu. Wazee watatikisa kichwa.

"Labda" ina ugomvi wake. Wapo wanaoipa ile "b" mizani yake, la-b-da, tatu, na ukwapi wako unakuwa tisa. Wapo wanaoiunganisha, na unakuwa nane. Mimi ni wa kundi la kwanza, lakini hata ungekuwa wa la pili, kwa nini uingie kwenye mabishano kwa neno unaloweza kuliacha? "Kesho wajukuu wetu" ni nane kwa kila mtu, na kesho inatisha zaidi kuliko labda.

*Kaditama nimekoma, kalamu naweka chini,*
*Wenye shoka na huruma, nawaomba sikizeni,*
*Aliyekata mzima, apande miwili pwani,*
*Mola atupe neema, tuishi kwa tumaini,*
*Mnazi msiukate, ni mlezi wa pwani.*

Mizani hapa, ukiacha kibwagizo, haina kasoro hata moja. Nimehesabu mara mbili kwa furaha. Kasoro ni mishororo: mitano. Beti nne za tarbia haziwezi kufungwa na ubeti wa takhmisa. Msikilizaji anayesubiri kuitikia baada ya mshororo wa tatu ataanza, nawe utakuwa bado unaendelea. Utoe wa nne. Najua ni dua na inauma kuitoa, lakini inaweza kukaa katika shairi lolote duniani, wakati "Aliyekata mzima, apande miwili pwani" ni lako, na ndilo ombi ambalo mwenyekiti anaweza kuliandika kwenye muhtasari. Likae karibu na kibwagizo. "Wenye shoka na huruma" usiliguse kabisa.

Rudia kuandika shairi zima kwa mkono, kila mshororo ukiukata kwa vistari vya silabi, bila kuimba. Ukimaliza ndipo uliimbe. Niletee Alhamisi baada ya alasiri, nitakuwa barazani, na mama yako namwomba aje aitikie. Sauti yake haivuti wala haimezi, kwa hiyo tutajua kama kibwagizo kimekaa.

Mjomba wako