Maneno ya kufungulia changizo la mwenzetu wa meza ya nyanya

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wetu, mama zangu, kaka na dada wa soko la Buguruni, ahsanteni kwa kufunga biashara mapema.

Mnajua kilichotuleta. Mwenzetu aligongwa na bodaboda alfajiri akifuata mzigo. Paja lilivunjika, amefanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma. Jana nilikwenda kumwona. Alinishika mkono akaniuliza, "Dada, zile nyanya zangu mliziuza au zimeoza?" Tuliziuza. Shilingi 38,000 zake anazo mhazini, atampelekea mkononi; haziingii kwenye hesabu ya leo.

Hesabu ni hii. Bili ni 2,850,000. Ndugu zake wamelipa 900,000, mfuko wetu wa jamii umetoa 400,000. Imebaki 1,550,000. Bima hakuwa nayo. Hilo tutalizungumza siku nyingine, leo tuna mgonjwa.

Sasa naomba mnisikilize vizuri. Humu ndani wapo waliofunga meza leo hata mtaji haujarudi. Nawajua, nami yamenikuta. Kwa hiyo hatutaita majina, wala hakuna atakayesimamishwa ataje kiasi. Kila mtu atapewa bahasha yenye kikaratasi cha ahadi. Andika unachokiweza na tarehe unayoiweza, hata kama ni mwisho wa mwezi ujao. Ukiwa huna kabisa, funga bahasha yako ikiwa tupu, uitumbukize kwenye sanduku kama wenzako. Watakaofungua ni mhazini na katibu peke yao. Hapa mbele itasomwa jumla tu.

Anayetaka kipimo, kipimo ni fungu moja la nyanya: shilingi 1,000 kwa siku, siku 30. Tukipatikana watu 40, hiyo ni 1,200,000. Zile 350,000 zitakazobaki nawaomba wageni wetu, na yeyote ambaye mwezi huu Mungu amemfungulia, atusogeze. Wa 200 kwa siku naye aandike 200 yake, tunaihitaji.

Na nyuma ya kikaratasi kuna nafasi ya wanaosaidia kwa mikono. Wa kupeleka uji asubuhi, wa kulala naye hospitali, wa kumpokea mwanawe wa darasa la 3 akitoka shule, wa kusimama kwenye meza yake ili wateja wasihame. Tafadhali msiache kuandika mkidhani hayo si mchango. Kwake yeye, meza ikikaa tupu miezi mitatu, hata mguu ukipona atarudia wapi?

Wote tumenunua kwake. Unalipia fungu, unageuka kuondoka, anakuita: "Njoo, hujachukua nyongeza." Halafu anakuchagulia ile iliyoiva vizuri.

Bahasha yangu nimeshaifunga, na kiasi sitakitaja. Mhazini, anza kugawa upande wa mlangoni. Kalamu zipo mezani kwa katibu. Hakuna haraka.