Tangazo la zamu mpya: Kiswahili ndio hiki, tukioanishe na Kiingereza chako kabla hakijabandikwa

Kaka, habari za asubuhi. Nimeisoma rasimu yako ya Kiingereza yote, imekaa vizuri, ila kuna sehemu inasema kitu kingine na Kiswahili kinasema kingine, na wewe unawajua watu wa ghalani, kila mtu atashika lile linalomfaa halafu tuje tubishane mlangoni saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo hapa chini nimeweka Kiswahili kizima kama bosi alivyokipitisha jana jioni, halafu nimeeleza pa kurekebisha upande wako. Namba za vipengele usiziguse, cha 4 kiwe cha 4 kwa lugha zote mbili.

TANGAZO KWA WOTE WANAOFANYA KAZI GHALANI
Zamu mpya kuanzia Jumatatu, 1 Juni 2026

1. Tangazo hili linamhusu kila anayefanya kazi ghalani: walioajiriwa, wa mkataba na vibarua wa siku.

2. Zamu zitakuwa tatu. Zamu ya asubuhi ni saa 12:00 asubuhi hadi saa 8:00 mchana (06:00–14:00). Zamu ya mchana ni saa 8:00 mchana hadi saa 4:00 usiku (14:00–22:00). Zamu ya usiku ni saa 4:00 usiku hadi saa 12:00 asubuhi ya siku inayofuata (22:00–06:00).

3. Zamu ya kwanza ya usiku kwa ratiba mpya itaanza Jumatatu 1 Juni saa 4:00 usiku (22:00) na kuisha Jumanne 2 Juni saa 12:00 asubuhi (06:00). Wanaoingia Jumapili 31 Mei usiku watafuata ratiba ya zamani.

4. Asiyeweza zamu ya usiku kwa sababu ya afya yake, kulea mtoto au kuuguza mtu nyumbani, ajaze fomu na kuipeleka ofisi ya utawala. Fomu zitapokelewa mpaka Ijumaa 22 Mei 2026 saa 10:00 jioni (16:00), Ijumaa yenyewe ikiwemo. Ofisi itamjibu kila aliyeomba, kwa maandishi, kabla ya Jumatano 27 Mei kuisha.

5. Kila mtu lazima avae kitambulisho muda wote akiwa ghalani. Asiye nacho haingii mpaka msimamizi wa zamu yake amwandikie kibali cha siku hiyo.

6. Unaruhusiwa kubadilishana zamu na mwenzako wa kitengo kimoja, ikiwa msimamizi amekubali kwa maandishi saa 24 au zaidi kabla ya zamu ya kwanza kati ya hizo mbili kuanza.

7. Posho ya usiku haibadiliki.

8. Tangazo hili lipo kwa Kiswahili na Kiingereza na yote mawili yana uzito mmoja. Ukiona yanatofautiana mwambie msimamizi. Mpaka ofisi itoe sahihisho, hakuna atakayeadhibiwa kwa kufuata lugha aliyoisoma.

Ofisi ya Utawala, Alhamisi 14 Mei 2026. Toleo la 3.

Sasa twende kwenye Kiingereza chako. Cha 1 umetumia neno la walioajiriwa tu, vibarua wametoka nje kabisa, na hao ndio wengi usiku. Wataje makundi yote matatu kwa majina, usitafute neno moja la kuwabeba wote.

Saa ndio ugomvi wenyewe. Upande wangu nimeandika saa za Kiswahili na kwenye mabano saa za kompyuta, upande wako tumia zile za kompyuta tu, yaani 06:00, 14:00, 22:00, basi. Usiandike saa kwa maneno hata sehemu moja, maana mtu akisoma "saa sita" kwa Kiingereza halafu mwenzake akaisoma kwa Kiswahili, mmoja yupo getini alfajiri na mwingine atakuja mchana na wote wana haki. Tarehe nazo mwezi uandike kwa herufi, 1/6 kuna atakayeisoma Januari.

Cha 3 usikipunguze. Najua kwa Kiingereza kinaonekana kirefu, na wewe umekifupisha ukaandika usiku wa Jumatatu. Lakini huku kwetu mtu akiambiwa usiku wa Jumatatu kuna anayeelewa usiku wa kuamkia Jumatatu, hasa wazee, siku kwao inaanza jua likizama. Ndio maana bosi mwenyewe alikubali iandikwe inaanza lini na inaisha lini, ikawa ndefu hivyo hivyo.

Cha 4 umeandika sababu za kifamilia. Hiyo ni pana mno kaka, harusi nayo ni ya kifamilia. Bosi alitaja vitu vitatu, andika vitatu. Na ule mwisho wa kupokea fomu, maneno uliyotumia hayasemi kama Ijumaa imo au haimo, sema wazi imo.

Cha 5 chako kinashauri, changu kinaamuru. Hapa hatuna hiari, weka lile neno la Kiingereza la lazima, lile lile walilotumia kwenye sheria za usalama, watu wameshalizoea. Halafu sentensi yako ya pili inasema kibali kitatolewa, na nani? Kiswahili kinasema msimamizi wa zamu yake, mlinzi asije akaanza kuandika vibali yeye.

Cha 6 angalia sana. Umeandika siku moja kabla. Mtu akiomba Jumatatu saa 11 jioni kwa ajili ya zamu ya Jumanne saa 12 asubuhi, hiyo ni siku moja kabla, sikatai, lakini ni saa 13 tu na kwa Kiswahili amechelewa. Weka saa 24. Pia umeruka maneno "kwa maandishi", ukubali wa mdomo ndio uliotuletea mabishano mwezi uliopita.

Kingine, mfanyakazi wako kila mahali ni mwanaume. Kiswahili hakina shida hiyo, "avae" ni wote, lakini kwa Kiingereza akina dada wa usiku watasema haliwahusu, na kwa utani wao watasema kweli. Tumia wingi, au zungumza na msomaji moja kwa moja.

Cha 7 kiache hivyo hivyo, usiongeze "kwa sasa". Umeongeza, nimeona. Hayo maneno mawili tu yatafanya watu waanze kuuliza posho inakatwa lini.

Ukimaliza usinirudishie mimi kwanza, mimi nimeshakariri, nitasoma kilichomo kichwani mwangu badala ya kilichopo kwenye karatasi. Mpe dada wa stoo ambaye hajaona Kiswahili, amsomee mwenzake Kiingereza huku anamweleza kwa Kiswahili chake, mimi nitakuwa pembeni na karatasi yangu natiki kipengele kwa kipengele. Atakapokwama au akisema kitu ambacho sinacho, tunarekebisha hapo hapo, na tukigusa upande mmoja tunagusa wote na toleo linakuwa la 4 kwa lugha zote.

Printi iwe karatasi moja, Kiswahili kushoto Kiingereza kulia, maandishi saizi moja. Zikiwa karatasi mbili moja itang'oka. Na kwenye grupu la Watsap nitatuma picha ya karatasi hiyo hiyo, nisiandike upya kwa maneno yangu, na wewe pia usiandike muhtasari chini yake.

Bosi anataka kusaini leo saa 9 alasiri, kwa hiyo nitumie kufikia saa 6 mchana. Yaani 12:00, na sasa hivi nishakupigia simu hupokei.