Maswali ya usaili wa meneja wa wahandisi: kumsimamia mwenzetu anayesuasua

Tueleze kuhusu mhandisi uliyemsimamia ambaye kazi yake ilishuka. Uligunduaje, na ulitazama ushahidi gani kabla ya kuzungumza naye?

Sasa tafakari mfano huu. Mhandisi wa programu aliyesifiwa kwa miaka 2 amehamishiwa timu ya malipo. Katika wiki 6 zilizopita amechelewesha kazi 3 kati ya 4, na msimbo wake hurudishwa kwa kukosa majaribio, ingawa mfumo wenyewe hauna nyaraka na aliyeujenga ameshaondoka. Mkiwa wawili tu, utaanza kwa kumwuliza nini? Utatofautishaje upungufu wa ujuzi, maelekezo yasiyoeleweka na shida ya nyumbani ambayo halazimiki kukusimulia? (Msaili azingatie: anayemlaumu mhandisi bila kugusia nyaraka amehukumu mapema mno.)

Utaandika malengo gani ya mwezi mmoja yanayopimika, utampa msaada wa nani, na wenzake wanaobeba mzigo wake utawaambia nini bila kumvunjia heshima?

Iwapo hakuna mabadiliko, utaamuaje kati ya kumwongezea muda, kumrudisha timu ya awali na kumwachisha kazi?