Barua ya malalamiko: kioo kipya, spika bado imeziba

Ukonga Mombasa,
Dar es Salaam.
20 Machi 2025

Kwa Msimamizi,
Duka la Matengenezo ya Simu,
Mtaa wa Aggrey, Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu,

YAH: SPIKA YA SIKIONI KUENDELEA KUZIBA BAADA YA KUBADILISHIWA KIOO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ndiye mteja niliyewaletea Samsung Galaxy A14 nyeusi, Jumamosi ya tarehe 8 Machi. Simu ilinidondoka Buguruni nikiteremka kwenye daladala, ikapiga chini kwa kichwa. Kioo kilipasuka upande wa juu, palepale kwenye upenyo mwembamba ambao sauti hutokea ukiweka simu sikioni, na tangu saa ileile mtu akinipigia namsikia kama anaongea kajifunika shuka. Pale mezani kwenu nilieleza yote mawili, kioo na sauti. Nilieleza mara mbili, kwa sababu jirani yenu alikuwa anajaribu redio.

Kijana wenu wa meza ya pili kutoka mlangoni aliiangalia, akaniambia: "Mama, hapo vumbi na vipande vya kioo vimeingia kwenye wavu wa spika. Tukishatoa kioo tunasafisha, sauti inarudi yenyewe." Alianzia 90,000, tukashuka mpaka 75,000. Risiti aliyoniandikia ninayo, na maneno yake ni haya: "Kioo A14 + kusafisha spika, 75,000/=, waranti mwezi 1." Ni risiti ya mkono, si ya mashine ya EFD, lakini hilo leo silo lililonileta. Nanukuu maandishi kwa sababu Jumanne nimeambiwa dukani kwenu kwamba spika haikuwa kwenye makubaliano.

Niwape haki yenu kwanza. Kioo ni kizuri. Tachi inakubali mpaka pembeni, mwanga uko sawa, na nikiweka simu sikioni kioo kinajizima kama zamani. Laiti mngeishia kuniuzia kioo peke yake ningewapigia debe mtaa mzima. Lakini sauti ya sikioni imebaki vilevile nilivyoileta, na baada ya kurudi kwenu mara tatu nasikia majibu matatu tofauti.

Jumatatu tarehe 10 niliambiwa gundi bado mbichi, nisubiri siku nzima ikauke. Nilisubiri siku nne. Ijumaa tarehe 14 nikaambiwa ni mtandao, nibadilishe laini. Kijana akachukua mswaki na spiriti, akasugua juu juu pale kwenye upenyo, akanirudishia. Jumanne tarehe 18 ndipo nikaambiwa spika imekufa, inatakiwa mpya, nitoe 25,000. Yule kijana alitaka pia kuchokoa kwa pini nikamzuia. Mimi si fundi, lakini najua nyuma ya wavu kuna kiwambo chembamba, na pini ikikitoboa kweli nitakuwa nimenunua spika.

Sasa hili la spika kufa nilitaka kulikubali, maana kitu kikianguka lolote linawezekana. Nikaenda nyumbani nikalipima kwanza.

Nimetoa laini yangu nikaiweka kwenye simu ya binti yangu, ambayo ni A14 kama yangu. Nikampigia dada yangu Korogwe, namsikia mpaka jogoo wake. Nikarudisha laini kwangu, nikampigia tena mtu yuleyule palepale nilipokaa: shuka limerudi. Basi mtandao haumo. Nikachomeka waya wa masikioni kwenye simu yangu, sauti safi. Nikaweka spika ya chini, ile ya mlio, sauti safi na kubwa. Kwa hiyo simu inapokea sauti vizuri. Inaharibikia kwenye ile spika ya juu na njia yake tu.

Kisha binti akanifungulia ile menyu ya majaribio. Inafunguka kwa kubonyeza hivi kwenye sehemu ya kupiga simu:

```
*#0*#
```

Hapo kuna kitufe kimeandikwa Receiver, kinachotoa mlio kwenye spika ya sikioni. Tukazilaza simu mbili mezani, yake na yangu, tukabonyeza kwa pamoja. Ya kwake mlio ni mkali. Ya kwangu mlio upo, haukatikikatiki, haukwaruzi, umedidimia tu. Hapo ndipo nilipopata shaka na neno "imekufa". Spika iliyokufa hainong'oni kwa utulivu namna hiyo. Ya kwangu inasema, ila kuna kitu kimeiziba mdomo.

Nikamulika upenyo kwa tochi ya simu ya binti, kwa kuulaza mwanga kutoka ubavuni. Upande wa kushoto wavu unaonekana, matundu yake madogo unaweza kuyatambua. Kuanzia katikati kwenda kulia hakuna matundu: kuna kitu cheusi kinachong'aa kama lami iliyomwagika ikakauka, na kwenye ukingo wake kimejitokeza kipande cheupe cha nailoni, kidogo kuliko punje ya ufuta. Cheusi kinafanana kabisa na gundi iliyobaki kwenye ukingo wa kioo changu. Cheupe sijui mtakiitaje ninyi, lakini vioo vipya huja vimebandikwa nailoni ya kuzuia vumbi, na hiyo haitakiwi kubaki inapopita sauti.

Jana jioni nilimpelekea fundi wa hapa mtaani, aniangalizie tu. Alitazama kwa ile miwani yao ya kukuza, akasema gundi imeingia kwenye njia ya sauti. Nikamwomba asafishe. Akakataa. "Nikifungua mimi, kesho kioo kikiwa na mstari watasema ni mimi. Warudishie wenye kazi." Nimemheshimu kwa hilo, na ndiyo maana simu haijafunguliwa na mtu mwingine yeyote zaidi yenu. Waranti yenu iko palepale.

Mtaniuliza, mama, si uongee kwa spika ya chini? Ndivyo ninavyofanya, na ndiyo kero yenyewe. Mimi ni katibu wa kikoba. Simu zangu nyingi ni habari za fedha za watu: nani kakopa, nani kachelewa, nani anaomba siri mumewe asijue. Wiki iliyopita mwanachama mmoja amenieleza deni lake nikiwa kwenye daladala la Gongo la Mboto, na abiria wa siti ya nyuma akamshauri. Kwa sauti. Nilishuka kabla ya kituo changu.

Na nikitumia ya sikioni, nasikia vibaya kwa namna ambayo hata sikuitarajia. Sauti ya mtu naipata, lakini herufi zinazokwaruza kama "s" na "t" zinaishia njiani. Jaribuni wenyewe kusema "sitini" na "tisini" mkiwa mmeziba mdomo kwa kiganja. Kinachobaki ni kitu kimoja. Alhamisi ya tarehe 13 mweka hazina alinipigia akiwa sokoni, akanisomea waliolipa mkononi. Mtu aliyelipa sitini nikamwandika tisini. Jumapili tulipofungua sanduku, wenye funguo wote watatu wamekaa, hesabu ikapungua 30,000 na macho yote yakanigeukia mimi mwenye kalamu. Tulihesabu mara nne. Mpaka mweka hazina alipotoa karatasi yake ndipo nikapumua, na bado kuna mama mmoja ambaye tangu siku hiyo salamu yake imekuwa fupi. Idi ikikaribia tunavunja kikoba na kugawana, na siwezi kuandika mgao wa watu thelathini na wawili kwa kukisia.

Ninachoomba ni hiki. Simu ifunguliwe mbele yangu, kwa kupashwa moto taratibu kama inavyotakiwa, isinyanyuliwe kwa bisibisi, na njia ya sauti isafishwe kutoka ndani, siyo kusugua kwa nje. Gundi iliyomwagikia kwenye wavu itolewe, nailoni kama ipo ibanduliwe, na kama wavu umeshaharibika uwekwe mwingine. Kioo kikirudishwa kipakwe gundi kwa kipimo pale juu. Na kabla ya kufungwa kabisa mbonyeze ile Receiver mimi nikiwa nimesimama hapo, pembeni ya simu ya binti yangu, ambayo nitakuja nayo. Kazi hii sitailipia, kwa sababu nimeshailipia tarehe 8.

Kama baada ya njia kusafishwa mlio bado utakuwa umedidimia, basi nitakubali kwamba spika yenyewe iliumia siku ya kuanguka, na spika nitainunua mimi. Ila nitalipa bei ya kifaa tu, si ufundi. Sitaki kuwaonea. Sitalipa 25,000 kwanza kwa kubahatisha halafu spika mpya ikae nyuma ya gundi ileile, nirudi tena Kariakoo na njaa ya mfungo nauli juu. Mpaka sasa nauli na muda wangu sijawadai.

Na kama kufungua tena kutaharibu kioo, jambo ambalo kijana wenu alinitishia nalo Jumanne, basi kioo hicho ni chenu mpaka kirudi mahali pake salama. Waranti ya mwezi mmoja inaishia tarehe 8 Aprili. Nimekuja ndani ya muda mara tatu, na barua hii ni ya nne. Nimeandika nakala mbili. Naomba moja igongwe mhuri wa duka na kuandikwa tarehe ya kupokelewa, nibaki nayo.

Nitafika Jumamosi tarehe 22 saa nne asubuhi, kabla duka halijajaa. Naomba awepo fundi mkubwa, si lazima yule kijana akaripiwe. Nadhani alikuwa na simu nyingi siku ile na kioo changu kilikuwa cha mwisho kabla ya adhuhuri. Nikiambiwa tena nisubiri au nilipe, nitaomba mnirejeshee fedha ya kusafisha spika kwa maandishi yanayosema mmeshindwa, na maandishi hayo pamoja na risiti nitayapeleka Tume ya Ushindani, ambao kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yao. Nisingependa kufika huko. Kioo cha simu ya mume wangu nacho kina ufa, na nilikuwa nimepanga kukileta kwenu.

Namba yangu mnayo kwenye daftari lenu, mstari wa tarehe 8. Mkinipigia, tafadhali ongeeni polepole, na kama kuna kiasi cha fedha nitumieni kwa ujumbe wa maandishi.

Wenu,

Zuhura,
Mteja, na katibu wa kikoba,
Ukonga Mombasa.

Viambatanisho: nakala ya risiti ya tarehe 8 Machi, picha mbili za upenyo wa spika zilizopigwa kwa mwanga wa ubavuni.